Winget Inapokataa Kusakinisha: Maana ya Hitilafu ya Chanzo na ya Hashi Isiyolingana

Winget ni chombo cha Microsoft kinachomwezesha mtumiaji wa Windows kusakinisha programu kwa kuandika amri badala ya kuzunguka kwenye tovuti na kubofya vitufe. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2021, na huja ndani ya programu iitwayo App Installer. Watu wengi hudhani kwamba programu zenyewe zimehifadhiwa mahali fulani kwa Microsoft, nayo Winget inakwenda kuzichukua huko, na dhana hiyo ndiyo inayofanya ujumbe wake wa makosa uonekane kama fumbo. Kwa chanzo chake cha kawaida, kinachoitwa `winget`, kilichohifadhiwa ni orodha tu. Kila programu ina hati fupi inayotaja jina, toleo, anwani ya mtandao ambapo mtengenezaji ameweka faili lake, na hashi ya faili hilo, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili ili kulitambua. Faili lenyewe hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili: kwanza kusoma orodha, kisha kupakua faili na kulihakiki. Hitilafu ya chanzo hutokea katika hatua ya kwanza, kabla ya faili lolote kuguswa, ilhali hashi isiyolingana hutokea katika ya pili. Dawa ya moja haitibu nyingine, na mtu anayeweka upya vyanzo vyake kwa sababu ya hashi anapoteza muda.

Hitilafu ya chanzo nitaipitia kwa ufupi. Orodha hufika kwenye kompyuta ikiwa kifurushi kidogo chenye hifadhidata ndani yake, na kifurushi hicho husajiliwa kwa akaunti ya mtumiaji mmojammoja. Ndiyo maana msimbo `0x8a15000f`, unaosema kwamba data inayohitajika na chanzo haipo, huonekana mara nyingi kwenye akaunti mpya au pale amri inapoendeshwa kwa akaunti nyingine ya msimamizi, ingawa akaunti ya kawaida kwenye mashine hiyohiyo inafanya kazi bila tatizo. Jambo la kwanza ni kuihuisha App Installer, kwa kuwa toleo lililozeeka huzaa makosa ya namna hii, kisha kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi kuandika:

```
winget source reset --force
winget source update
```

Ujumbe ukitaja `msstore` peke yake, yaani chanzo cha duka la Microsoft Store, orodha ya kawaida haina kosa, na mara nyingi inatosha kuongeza `--source winget` mwishoni mwa amri. Msimbo `0x8a15005e` nao unamaanisha kwamba cheti cha seva hakikuwa kile kilichotarajiwa. Huo huonekana zaidi katika ofisi ambazo proksi yake, yaani seva ya kati inayopitishia mawasiliano ya mtandao, hufungua na kukagua mawasiliano yaliyosimbwa, na hapo wa kuulizwa ni msimamizi wa mtandao, si kompyuta.

Tukija kwenye hashi, hii ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima kwa njia iitwayo SHA256. Baiti moja tu ikibadilika, mfululizo wote hubadilika. Mwandishi wa hati alikokotoa hashi siku alipoiandika; Winget huikokotoa upya kwa faili lililopakuliwa leo, na zikitofautiana husimama na kuandika `Installer hash does not match`. Ujumbe huo hausemi kwamba faili lina virusi, wala hausemi kwamba ni salama. Unasema tu kwamba faili hili si lile lililoandikwa kwenye hati.

Sababu ya kawaida kabisa ni anwani isiyobeba namba ya toleo. Google Chrome ni mfano unaojulikana sana. Kwa muda mrefu hati yake imeelekeza kwenye faili liitwalo `googlechromestandaloneenterprise64.msi`, na jina hilo halibadiliki ingawa kilichomo hubadilishwa kila toleo jipya linapotoka. Google ikiweka toleo jipya asubuhi, anwani ni ileile lakini faili ni jingine, huku hati ikiendelea kubeba hashi ya jana mpaka mtu au roboti itume marekebisho kwenye `winget-pkgs`, hazina iliyoko GitHub ambamo hati hizi hutunzwa, na yakubaliwe. Katika pengo hilo kila anayejaribu anakataliwa, popote alipo. Programu ambayo anwani yake ina namba ya toleo ndani yake haipatwi na tatizo hili kirahisi.

Sababu nyingine ni mtandao wenyewe. Mtandao wa hoteli au wa ofisi unaweza kurudisha ukurasa wa kuingia badala ya faili, au proksi ikatoa nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Kutambua ipi ni ipi hakuhitaji kubahatisha. Kwenye PowerShell, tazama kwanza hati inasema nini:

```
winget show --id Google.Chrome -e --source winget
```

Karibu na mwisho wa majibu utaona mistari ya `Installer Url` na `Installer SHA256`. Nakili anwani hiyo mahali palipoandikwa ANWANI, upakue faili mwenyewe, kisha ulipime:

```
curl.exe -L -o chrome.msi "ANWANI"
Get-FileHash .\chrome.msi
```

Usibabaishwe na herufi kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, hazibadilishi hashi. Angalia ukubwa wa faili kabla ya yote. Kisakinishi hiki kina zaidi ya megabaiti mia moja, kwa hiyo ukikuta kilobaiti chache, lifungue kwa Notepad na huenda ukasoma ukurasa wa HTML unaokudai nenosiri la mtandao. Kama ukubwa unaridhisha, pakua mara ya pili. Hashi mbili zinazotofautiana zenyewe kwa zenyewe zinaonyesha kwamba faili linaharibika njiani. Zikifanana, lakini zikapingana na hati, rudia kwa intaneti ya simu ili kuiondoa proksi kwenye hesabu. Zikiendelea kufanana, basi karibu hakika mtengenezaji amebadilisha faili na hati imechelewa.

Hapo njia nyepesi ni kungoja, kisha kuandika `winget source update` na kujaribu tena. Asiyeweza kungoja anaweza kukagua sahihi ya kidijitali ya faili alilokwisha kulipakua:

```
Get-AuthenticodeSignature .\chrome.msi |
  Format-List Status, SignerCertificate
```

`Status` ikiwa `Valid` na cheti kikiwa cha Google LLC, faili limetiwa sahihi na Google na halijaguswa tangu hapo, hivyo linaweza kusakinishwa kwa kulibofya. Kwa maoni yangu njia hii ni bora kuliko kunyamazisha ukaguzi, jambo ambalo Winget inaliruhusu kwa shingo upande. Msimamizi hulazimika kwanza kuandika `winget settings --enable InstallerHashOverride`, kisha usakinishaji ufanywe kwa `--ignore-security-hash` kwenye dirisha la kawaida, kwa sababu dirisha la msimamizi hukataa kupuuza hashi. Anayefuata njia hiyo anasakinisha chochote kilichofika, kikiwemo asichokijua. Na kama sahihi haipo, au cheti kina jina usilolitambua, futa faili hilo na uripoti hati husika kwenye `winget-pkgs`, ukitaja toleo, hashi iliyoandikwa na hashi uliyoipata.