Kwa nini mfumo wa malipo unamkatalia hata meneja?

“Mimi ndiye meneja wa hoteli, na kuidhinisha malipo ni kazi yangu. Kwa nini mfumo unanikatalia nikitaka kupitisha malipo niliyoyaingiza mwenyewe?”

Kwa sababu ulipoyaingiza, kwa malipo hayo ulikwisha kuwa mwandaaji, na aliyeandaa malipo hapaswi kuyaidhinisha. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauangalii cheo, unaangalia nani aliyeyagusa malipo haya.

Chukua hoteli ya Nungwi iliyonunua pweza kilo 23 kwa shilingi 8,000 kila kilo. Jumla ni 184,000. Siku hiyo karani hayupo, meneja anaingiza ankara mwenyewe, na sifuri moja inazidi: 1,840,000. Akiirudia kuisoma ataiona sawa tu, maana macho yanasoma kile ambacho kichwa kinakitarajia. Mtu wa pili hana matarajio hayo. Anachukua karatasi ya stoo yenye uzito uliopimwa, anazidisha kwa bei ya oda, analinganisha na kiasi kilichoingizwa, na kosa linakamatwa fedha zikiwa bado benki. Na kama sifuri ile iliwekwa kusudi, mwenye nia hiyo sasa atahitaji mshirika, na kumpata mshirika si rahisi kama kubonyeza kitufe ukiwa peke yako.

Cheo hakiondoi hatari hii. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827. Nick Leeson, aliyeongoza shughuli zake Singapore, alikuwa akifanya biashara na wakati huohuo akisimamia ofisi iliyopaswa kuzihakiki hesabu za biashara hiyo.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mfumo kutenganisha majukumu bila kutenganisha watu. Mtumiaji mmoja anapewa jukumu la mwandaaji na la mwidhinishaji, kila jukumu linafanya kazi yake sawasawa, na mtu ni yuleyule. Kwa hiyo sharti liwekwe kwenye kila malipo, hadi ndani ya hifadhidata:

```sql
CHECK (aliyeidhinisha <> aliyeandaa
   AND aliyeidhinisha <> aliyehariri_mwisho)
```

Mstari wa pili ndio husahauliwa. Karani ameandaa, meneja akafungua, akabadilisha namba ya akaunti ya muuzaji, kisha akaidhinisha. Kwenye kumbukumbu kuna majina mawili, lakini akaunti ile mpya hakuna mtu wa pili aliyeiona. Anayehariri ahesabiwe mwandaaji. Na malipo yakibadilishwa kiasi au akaunti baada ya kupitishwa, idhini ifutwe yenyewe, yarudi kuhakikiwa upya.

Hata hivyo, sharti hilo linalinganisha majina ya watumiaji tu. Aliyekaa nyuma ya jina halimjui. Hilo nililiona miaka ya nyuma katika ofisi moja ya Chake Chake niliyoitwa kukagua hesabu zake. Bosi alipanda boti kwenda Unguja wiki nzima na nywila yake akamwachia mhasibu kwenye kipande cha karatasi, kazi zisilale. Mfumo uliona watu wawili na haukulalamika. Nilipopanga malipo kwa saa, nikaona yameandaliwa saa nne na dakika mbili asubuhi, yakaidhinishwa saa nne na dakika tatu, kwenye kompyuta ileile, na aliyeidhinisha siku hiyo yuko ng’ambo ya bahari. Mojawapo lilikwenda kwenye akaunti ambayo muuzaji hakuwa akiijua. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu yule bosi alikuwa mtu mwaminifu, na jina lake ndilo lililokuwa juu ya hati ile.

Wazee wa vikundi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: hundi tupu iliyokwisha kutiwa saini na kuachwa kwenye droo ya mweka hazina. Saini ni mbili, aliyeamua ni mmoja.

Anayeondoka anapaswa kumkabidhi mwingine madaraka ndani ya mfumo, kwa tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kaimu aingie kwa jina lake na nywila yake, na sharti lile limbane vilevile: alichokiandaa kabla ya kukaimu kinamsubiri mtu mwingine.

Ofisi ya watu wawili inawezekana pia, karani akiandaa na mwenye mali akipitisha. Akiwa mbali, benki nyingi humruhusu kutoa idhini kwa simu, maana huduma zao kwa wafanyabiashara nazo huweza kupangwa mmoja aingize na mwingine aachie. Hapo mwenye mali atumiwe picha ya ankara na ya karatasi ya stoo, kwa sababu anayeona tarakimu peke yake hana cha kulinganisha nacho. Iwapo wote wawili wamekubaliana kuiba, sharti hili halitawazuia. Hapo anahitajika mtu wa tatu, asiyeandaa wala kuidhinisha, wa kuoanisha taarifa ya benki na daftari kila mwezi na kumpigia muuzaji kwa namba ya zamani kila akaunti inapobadilishwa.