Ulainishaji kipeo: kukadiria mahitaji ya wiki ijayo dukani

Ulainishaji kipeo ni njia ya kukadiria mahitaji ya wiki ijayo kwa kuchukua kadirio la wiki hii na kulisahihisha kwa sehemu ya kosa lake. Tuseme ulikadiria kwamba wateja watataka mifuko 41 ya unga, wakataka 46. Umepungukiwa na mifuko 5. Kadirio jipya halibaki 41 wala halirukii 46, bali linasogea kuelekea 46 kwa kipande cha hiyo 5. Ukubwa wa kipande hicho ndio uzito wa kulainisha. Huitwa alfa, na thamani yake iko kati ya 0 na 1.

```
kadirio jipya = kadirio la zamani + alfa × (mahitaji halisi − kadirio la zamani)
```

Alfa ikiwa 0.2, kadirio jipya ni 41 + 0.2 × 5, yaani 42. Wiki inayofuata unarudia hesabu ileile ukianzia na 42. Huhitaji kubeba daftari zima la mwaka, kwani namba moja tu, kadirio la mwisho, imekwishabeba historia yote. Ukiifumua hesabu hiyo utakuta wiki iliyopita imehesabiwa kwa uzito wa 0.2, ya kabla yake kwa 0.16, ya nyuma zaidi kwa 0.128, na kuendelea. Kila wiki ina asilimia 80 ya uzito wa ile iliyoifuata. Uzito huo unazidi kupungua lakini haufiki sifuri, na kushuka kwake kwa vipeo vya 0.8 ndiko kulikoipa njia hii jina.

Mmarekani Robert G. Brown alianza kuitumia katika miaka ya 1940 kwenye jeshi la majini, katika kazi ya kufuatilia mahali zilipo nyambizi, na baadaye akaihamishia kwenye akiba ya vipuri. Enzi hizo kubeba namba moja badala ya hamsini kulikuwa na faida kubwa kwa mtu anayetunza maelfu ya vipuri kwa mkono. Siku hizi kompyuta inabeba chochote, lakini njia yenyewe imebaki kwa sababu nyingine: namna inavyosahau.

Hapo ndipo inapoachana na wastani sogezi wa kawaida. Mwenye duka anayejumlisha mauzo ya wiki nne za mwisho na kugawa kwa nne anatumia wastani sogezi. Wiki zote nne zina sauti sawa, na wiki ya tano kurudi nyuma haina sauti kabisa. Matokeo yake tuyaone kwa duka la jumla la pale Mwanga, Kigoma, linalouza sembe katika mifuko ya kilo 25. Wiki nne za kwanza wateja walitaka mifuko 40, 44, 38 na 42, ambayo wastani wake ni 41. Wiki ya tano shule moja ya bweni ikaongeza oda ya ghafla, mahitaji yakafika 80. Wiki nne zilizofuata yakarudi palepale: 41, 43, 39, 42.

Wastani sogezi wa wiki nne unapanda hadi 51 mara baada ya wiki ya tano, kisha unakaa huko: 50.25, 51.5, 50.75. Baada ya wiki ya tisa unaporomoka hadi 41.25. Mahitaji ya wiki hiyo ya tisa yalipanda kidogo, kutoka 39 hadi 42, na bado kadirio limeshuka karibu mifuko 10. Sokoni hakuna kilichotokea. Ile 80 tu ndiyo iliyotoka kwenye dirisha la wiki nne. Kwa hiyo tukio moja limetikisa oda mara mbili, lilipoingia na lilipotoka, na mtikisiko wa pili ndio unaowachanganya watu, kwa sababu anayetazama soko haoni kilichousababisha.

Ulainishaji kipeo kwa alfa 0.2, tukianzia na 41, unatoa 48.8 baada ya wiki ya tano, kisha 47.2, 46.4, 44.9 na 44.3. Unapanda mara moja, halafu unarudi taratibu bila poromoko.

Lakini ulinganisho huo haujawa wa haki. Alfa ya 0.2 ina kumbukumbu ndefu kuliko wiki nne. Kanuni ya kulinganisha njia hizi mbili ni alfa = 2 ÷ (N + 1), ambapo N ni idadi ya wiki za wastani sogezi. Kwa kanuni hiyo, wiki nne zinalingana na alfa 0.4, na alfa 0.2 inalingana na wiki tisa, maana wastani wa umri wa taarifa zinazotumika unakuwa uleule. Tukitumia 0.4 kwenye namba zetu tunapata 56.6, 50.4, 47.4, 44.1 na 43.2. Ruko la kwanza ni kubwa kuliko la wastani sogezi, kwa kuwa wiki mpya inapewa asilimia 40 badala ya 25. Hata hivyo kurudi ni kwa haraka, na poromoko la wiki ya tisa halipo hapa pia. Mwenye kubadili njia asipoiangalia kanuni hii huishia kulinganisha kumbukumbu ndefu na fupi, akadhani amelinganisha njia mbili.

Sasa alfa ichaguliweje? Vitabu vingi hutaja kati ya 0.1 na 0.3, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini jibu la kweli limo kwenye daftari la duka lenyewe. Chukua mahitaji ya wiki zilizopita, jaribu alfa kadhaa, na kwa kila moja kadiria wiki moja mbele ukitumia tu yale uliyokuwa unayajua kabla ya wiki hiyo. Kisha tafuta wastani wa makosa bila kujali alama ya kujumlisha au kutoa. Katika Excel, mahitaji yakiwa safu ya B, makadirio safu ya C na alfa kwenye F1, kazi yote ni mistari miwili:

```
C3:  =C2+$F$1*(B2-C2)
D3:  =ABS(B3-C3)
```

Unaivuta chini, unachukua wastani wa safu ya D, halafu unabadili F1 na kuangalia wastani huo unavyobadilika. Kwenye C2 weka wastani wa wiki chache za mwanzo, na wiki hizo usizihesabu kwenye makosa.

Kwa wiki ya 6 hadi ya 9 za duka letu, wastani wa kosa ni mifuko 5.6 kwa alfa 0.2, mifuko 8.4 kwa alfa 0.4, na mifuko 9.6 kwa wastani sogezi wa wiki nne. Alfa ndogo imeshinda kwa sababu ile 80 ilikuwa tukio la kupita. Geuza kisa kidogo: shule ile imekuwa mteja wa kudumu, na kuanzia wiki ya tano mahitaji ni 60, 62, 59, 61. Hapo alfa 0.2 inakosea kwa wastani wa mifuko 12.9 katika wiki ya 6 hadi ya 8, na 0.4 inakosea kwa 7.8 tu. Wastani sogezi nao una sifa yake hapa: wiki nne zikishapita umefika 60.5, umeisahau kabisa hali ya zamani, ilhali alfa 0.2 bado iko 52.5.

Kwa hiyo alfa inajibu swali moja: kosa la wiki hii, ni kiasi gani chake ni mabadiliko ya kweli, na kiasi gani ni bahati ya wiki? Wiki moja pekee haiwezi kukujibu. Inafaa kupima angalau mwaka mmoja wa wiki, na kuandika mahitaji, si mauzo tu. Sembe ikiisha Alhamisi, mauzo ya wiki hiyo yatakuwa madogo hata kama wateja walikuja wakaondoka mikono mitupu. Ukiyaingiza mauzo hayo, kadirio litashuka, utaagiza kidogo zaidi, na sembe itaisha mapema zaidi. Andika na walioulizia wakakosa.

Dalili ya alfa isiyofaa ni makosa yanayoegemea upande mmoja. Wiki saba au nane mfululizo mahitaji yakiwa juu ya kadirio, ama alfa ni ndogo mno, ama mahitaji yana mwelekeo wa kupanda. Yakipanda mifuko 2 kila wiki, alfa 0.2 hatimaye itabaki nyuma mifuko 10 daima, yaani 2 gawanya kwa 0.2, na haitafikia kamwe. Charles Holt alitoa dawa ya hili mwaka 1957 kwa kulainisha mwelekeo nao kando. Vilevile kipimo kikikuonyesha kwamba alfa bora ni 0.8 au 0.9, usiipokee upesi. Mara nyingi maana yake kuna mwelekeo au mzunguko, na alfa inajaribu kuukimbiza.

Kigoma mzunguko huo upo wazi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo wengi hupumzika siku kadhaa. Pesa ya mwaloni Kibirizi hupungua, na duka linalowauzia watu wa ziwani huliona hilo kwenye unga, mchele na sukari. Ulainishaji kipeo hauelewi mwezi. Ukitumia alfa kubwa, kadirio linashuka baada ya wiki ya mbalamwezi, wakati wavuvi wameshaingia ziwani, na linafika juu wakati mbalamwezi inarudi. Hapo wastani sogezi wa wiki nne unaupita ulainishaji kipeo, kwa sababu wiki nne zinakaribia mzunguko mmoja wa mwezi, na kupanda kwake na kushuka kwake vinafutana. Unakupa kiwango cha katikati kilicho tulivu, ingawa haukuambii wiki ipi itakuwa ya chini.

Njia bora ni kuutoa mwezi kwenye namba kwanza. Kama daftari linaonyesha kwamba wiki ya mbalamwezi huchukua kwa kawaida asilimia 70 ya mahitaji ya wastani, na wiki hiyo umepata 29, gawa 29 kwa 0.7. Unapata 41.4. Kiwango hakijashuka hata kidogo, na hiyo 41.4 ndiyo inayoingia kwenye kanuni ya ulainishaji. Wiki ya mbalamwezi ijayo ikikaribia, zidisha kadirio kwa 0.7 kabla ya kuagiza. Asilimia za wiki nyingine zipatikane vivyo hivyo, kwa miezi kadhaa ya kumbukumbu.

Wiki hizo zipewe alama kwa hali ya mwezi, si kwa tarehe za kalenda wala kwa kuhesabu kila wiki ya nne. Mwezi huchukua siku 29 na nusu, na wiki nne ni siku 28. Kila mzunguko mbalamwezi inasogea siku moja na nusu, na kabla miezi mitano haijatimia imehamia wiki nyingine kabisa.