Volti hazizidishwi kwa mbili

Jibu la volti 1.26 limenirudia tena, kwa seli ileile ya shaba na fedha. Jibu sahihi ni 0.46. Voltimita haina kosa hapo. Mtu amezidisha potensheli ya fedha kwa mbili kwa sababu tu amezidisha mlinganyo wake kwa mbili.

Slaidi huanza na nusu-mmenyuko mbili, zote zikiwa zimeandikwa kwa upande wa kupokea elektroni:

Ag⁺ + e⁻ → Ag  (+0.80 V)
Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu  (+0.34 V)

Mwelekeo ni jambo la sekunde kumi. Yenye potensheli ya juu ndiyo inayopokea, basi fedha ni kathodi na shaba ni anodi. Elektroni hutoka kwenye shaba, hupita kwenye waya, hufika kwenye fedha. Hazipiti kwenye daraja la chumvi. Humo zinatembea ayoni. Wala usitazame kipi kimechorwa kushoto. Wachoraji wengi huweka anodi kushoto kwa mazoea, lakini elektroni hazijui kushoto ni wapi.

Volteji ni potensheli ya kathodi kutoa ya anodi, zote kama zilivyo kwenye jedwali: 0.80 − 0.34 = 0.46. Ukipenda, geuza alama ya shaba halafu ujumlishe. Ukigeuza alama na bado ukatoa, utapata 1.14, na hilo nalo nimelichoka.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Shaba inaachia elektroni mbili na kila ayoni ya fedha inapokea moja, kwa hiyo tunaandika 2Ag⁺ + Cu → 2Ag + Cu²⁺. Kuzidisha atomu na elektroni ni lazima. Kuzidisha 0.80 ni kosa, kwa kuwa volti moja ni juli moja kwa kila kulombi moja. Ni nishati iliyokwisha kugawanywa kwa chaji. Ukimwaga ndoo mbili za maji kutoka kwenye tanki, unapata kazi maradufu ya ndoo moja, lakini tanki halijapanda juu zaidi.

Hesabu inaonyesha hivyo. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,485 hivi. Ikishuka volti 0.46 hutoa kilojuli 44.4. Moli mbili hutoa 88.8. Nishati imeongezeka mara mbili, chaji nayo mara mbili. Gawanya, unarudi palepale 0.46.

Wajanja hapa huuliza: mbona n, yaani idadi ya elektroni, imo kwenye mlinganyo wa Nernst, ule unaorekebisha volteji kulingana na ukolezi wa myeyusho? Imo, ila haiko peke yake. Kwa nyuzi 25 za selsiasi:

E = 0.46 − (0.0592/n) log Q

Ukiandika mmenyuko kwa elektroni mbili, Q ni [Cu²⁺]/[Ag⁺]². Ukiuandika kwa elektroni moja, Q inakuwa kipeuo cha pili cha hiyo ya kwanza, logi yake inakuwa nusu, na n nayo ni nusu. Jaribu na myeyusho wa 0.1 M pande zote mbili: kwa n = 2, Q ni 10; kwa n = 1, Q ni 3.16. Njia zote mbili zinakupa 0.43.

Nikiri kwamba kuna mahali idadi ya elektroni inaamua kweli, na slaidi nyingi huparuka. Ni pale unapounganisha nusu-mmenyuko mbili ili upate nusu nyingine, si seli kamili. Fe³⁺ kwenda Fe²⁺ ni +0.77 kwa elektroni moja. Fe²⁺ kwenda Fe ni −0.44 kwa elektroni mbili. Ukitaka Fe³⁺ mpaka Fe, usijumlishe volti ukapata 0.33. Jumlisha nishati: 0.77 + 2(−0.44) = −0.11, kisha gawa kwa elektroni 3. Jibu ni karibu −0.04, hata alama imegeuka. Nadhani wengi huliona zoezi hili, hulikumbuka nusu, kisha hulipeleka kwenye seli mahali lisipohusika.

Mezani, waya mwekundu wa voltimita uwe kwenye fedha. Ukisoma namba hasi, umebadilisha waya tu. Usitegemee 0.43 kamili: ile M tunayoweka kwenye Q ni kadirio la utendaji halisi wa ayoni, na pale daraja linapokutana na myeyusho huzaliwa millivolti kadhaa ambazo hesabu yetu haizioni. Lakini kama namba inashuka na kuna mashapo meupe upande wa fedha, basi daraja limejazwa kloridi ya potasiamu. Kloridi inaidaka Ag⁺ kuwa AgCl, na [Ag⁺] uliyoiweka kwenye Q haipo tena. Tumia nitrati ya potasiamu.