"Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa": nahau zinapoingia kwenye hati za mahakama

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha ukalimani hapa Malindi yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mtu alitoa maelezo kwa Kiswahili, yakaandikwa kwa Kiingereza, na siku ya kuhojiwa wakili wa upande wa pili anamsomea maneno asiyoyatambua. Anasema mkalimani kamgeuzia. Pengine ni kweli, na tunachunguza kila lalamiko. Lakini mara nyingi tunachokuta ni nahau iliyotafsiriwa neno kwa neno, tena kwa sababu mwenyewe alishikilia itafsiriwe hivyo hivyo.

Tuchukue maelezo ya namna hii, ambayo nimeyatunga kwa kufuata aina ya faili tunazozipokea. Si kesi ya mtu yeyote. Mama mmoja wa Mambrui aliuza kipande cha shamba na sasa anataka mauzo yabatilishwe. Anasema: "Yule bwana alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata nikatia dole gumba."

Mpwani hahitaji kuelezwa. Mafuta yamo ndani ya chupa, mgongo wake ni mkavu. Mpakwaji huona anashughulikiwa, akaridhika, na mwisho hajapata kitu. Ukiipeleka hivyo hivyo kwa Kiingereza, hakimu atasoma kwamba mwanamume alimgusa mama huyu kwa chupa ya mafuta. Asiyeijua nahau ataanza kuwaza shambulio, au uganga. Wakili naye hataiacha fursa hiyo: mafuta gani, alikupaka wapi, nani alikuwepo? Mama atajibu kwa ghadhabu kwamba hakusema hivyo, ilhali karatasi inaonyesha alisema, na kuanzia hapo hata yale aliyoyaeleza sawasawa yanatiliwa shaka.

Njia ya pili ni kutafuta nahau ya Kiingereza inayofanana. Waingereza husema mtu kavutiwa sufu machoni. Inapendeza, ndiyo maana watafsiri wanaoanza huikimbilia. Lakini sufu machoni ni habari ya kuzuiwa usione, yaani kuna jambo ulilofichwa. Mama hakusema alifichwa jambo, alisema alibembelezwa. Barazani tofauti hiyo haimsumbui mtu. Kortini ataulizwa alifichwa nini hasa, na hatakuwa na jibu kwa sababu dai hilo si lake.

Njia ya tatu ndiyo inayowaponza hata wazoefu: kuandika tu kwamba alilaghaiwa. Katika sheria za Kenya, anayedai ulaghai katika kesi ya madai hana budi autaje waziwazi na kuuchambua kwenye hati zake, kisha authibitishe kwa kiwango kinachozidi kile cha madai ya kawaida, ingawa hakifiki kile cha jinai. Mtafsiri akiandika "ulaghai" amembebesha mama mzigo ambao mwenyewe hakujitwika. Kuchagua dai ni kazi ya wakili wake. Kwa hiyo, ndugu wananchi, msituombe "tulipige msasa kidogo" neno ili kesi ipate nguvu. Hatuna ruhusa hiyo.

Sisi huandika sentensi ya kawaida ya Kiingereza inayobeba haya: kwamba alimfurahisha kwa maneno na vitendo vya wema wa juujuu ambavyo havikumpa faida yoyote, mpaka akatia alama ya dole gumba. Kisha ndani ya mabano tunaiweka nahau yenyewe kwa Kiswahili, ili anayeijua aweze kutupima. Sentensi inakuwa ndefu na haina utamu wowote, nakubali. Kabla ya kuitoa, tunampa mwenzetu ambaye hakuyaona maelezo ya asili aisome na kuieleza upya kwa Kiswahili, halafu mama anaulizwa kama ndivyo alivyokusudia. Akisema "ndivyo, lakini...", tunarudi mezani.

Ziko nahau ambazo hata jaribio hilo halitoshi, kwa kuwa zina maana mbili katika Kiswahili chenyewe. Shahidi akisema "mzee yule ana mkono mrefu", huenda anamwita mdokozi. Huenda pia anasema ana uwezo wa kumfikia mtu popote, kama tunavyosema serikali ina mkono mrefu. Kwa Kiingereza mkono mrefu huwa wa sheria, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno itamfanya mwizi wa nazi aonekane mheshimiwa. Mkalimani hapaswi kukisia. Anaomba ruhusa ya hakimu amuulize shahidi amekusudia nini, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu. Nimeona watu wakinuna wakidhani wanapelelezwa. Swali hilo ni kinga yako wewe unayesema.

Upande wa pili nao una mitego yake. Kiingereza husema mtu kakamatwa "mkono mwekundu". Asili yake ni sheria ya zamani ya Uskoti, pale aliyetenda alikutwa na damu mkononi. Leo damu haihitajiki, husemwa hata kwa aliyekutwa na kuku wa watu. Wapo wanaoandika kwa Kiswahili "alifumaniwa", na neno hilo kwa maana pana si kosa. Lakini mweleze mtu wa Lamu kwamba jirani yake kafumaniwa, bila kutaja chochote, uone kama atafikiria kuku. Andika "alikutwa akiiba", ukamalize.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu hutuchosha. Mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika mahakamani ana haki ya mkalimani bila kulipa. Ni Ibara ya 50(2)(m) ya Katiba ya 2010. Aseme mapema, siku ya kusomewa mashtaka, asisubiri ushahidi umeshaanza. Mkalimani huapishwa kabla ya kazi. Kwa hati ya kiapo ya mtu asiyesoma, kamishna wa viapo huandika chini kwamba hati ilisomwa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mwapaji, naye akaonekana ameielewa. Mstari huo si pambo. Usitie dole gumba kabla hujasomewa ukurasa wote kwa Kiswahili, na ukifika kwenye nahau yako uliza imeandikwaje. Tafsiri ya hati inayotoka nje huambatana na nakala ya asili pamoja na kiapo cha mtafsiri kinachoonyesha kwamba anazijua lugha zote mbili. Mpwa wako aliyepata alama nzuri za Kiingereza shuleni anaweza kuwa kijana mwerevu sana, ila akiapa atakuja kuhojiwa juu ya kiapo hicho.

Kuapa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka saba. Huhukumiwa mwenye kujua kuwa asemalo si kweli. Kutafsiri nahau vibaya kwa kutojua hakuingii humo, kwa hiyo acheni kuwatishia wakalimani jela.

Ukigundua kosa kabla ya kutia sahihi, lirekebishwe hapo hapo. Ukiligundua baadaye, mwone wakili wako kuhusu kiapo cha ziada cha kusahihisha, na usingoje siku ya kuhojiwa. Ukija kwetu kulalamika, leta nakala ya maelezo, onyesha sentensi, na useme kwa Kiswahili maneno uliyoyatamka. Kutuambia tu kwamba "Kiingereza chote kimekosewa" hakutupi pa kuanzia.