Choo kama cha mbuzi: kilainishwe kwanza, nyuzinyuzi zifuate

Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anatoka nyumbani saa 10 alfajiri. Choo cha sokoni hakipendi, kwa hiyo maji anakunywa kidogo makusudi, na haja ikimjia asubuhi anaibana mpaka ipotee. Mchana anakula ugali wa sembe na samaki, jioni vilevile. Leo ni siku ya tano hajapata choo. Jana alijikamua, vikatoka vigololi vitatu vikavu kama mavi ya mbuzi, na karatasi ikawa na alama ya damu nyekundu. Jirani kamshauri ale pumba za mahindi kwa wingi.

Ushauri huo ungefaa wiki mbili zilizopita. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula, nao haujui kwamba wewe umebana haja kwa sababu choo cha sokoni ni kichafu. Kinyesi kikisubiri, unaendelea kukinyonya hadi kikauke. Pumba nazo hufanya kazi kwa kushika maji. Ukizishindilia nyuma ya kinyesi kikavu huku maji hunywi, unaongeza mzigo kwenye foleni iliyosimama, na tumbo linajaa gesi na kukaza.

Kwa hiyo, kwanza tufungue njia. Kwa mtu mzima naanza na laktulosi, dawa ya maji yenye utamu, mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Inavuta maji yaingie kwenye kinyesi, lakini huchukua siku moja hadi tatu, kwa hiyo usiitupe kwa kuwa leo haijafanya kitu. Wengi dukani huomba bisakodili kwa sababu ni ya haraka: kidonge cha miligramu 5 usiku, choo asubuhi. Ila hiyo inausukuma utumbo ubane, na ukisukuma jiwe kavu unapata msokoto wa tumbo kabla ya choo. Naiweka iwe ya pili, kwa siku chache tu. Imezwe nzima, isiambatane na maziwa wala dawa ya kiungulia, maana ganda lake litayeyuka tumboni mapema na kuchoma. Kama kinyesi kimefika mlangoni na hakitoki, kidonge cha gliserini cha kuweka njia ya haja kubwa husaidia ndani ya nusu saa hivi. Maji ya sabuni usijiingize, yanaunguza utumbo.

Ile damu mara nyingi ni mpasuko mdogo kwenye mlango wa haja. Maumivu yake ni kama kukatwa na wembe, na yanamfanya mtu aogope choo, abane tena, kizidi kukauka. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 baada ya choo hulegeza msuli na kupunguza maumivu.

Choo kikilainika, sasa ndipo nyuzinyuzi ziingie, kwa kuongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kwa mama huyu si lazima anunue kitu kigeni: sembe aibadilishe kwa dona, siku nyingine michembe, na kila siku bakuli la maharage au choroko, matembele, na papai au mapera mawili. Maji afikishe lita moja na nusu hadi mbili, mkojo uwe na rangi ya njano hafifu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Saa nayo ina maana. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka, hasa asubuhi. Basi anywe uji nyumbani, atembee kidogo, kisha aende chooni dakika 10 bila kujikamua, kabla ya kupanda daladala. Choo cha kuchuchumaa kinamfaa. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Kama anatumia vidonge vya kuongeza damu, tramadoli au kodeini, amwambie mhudumu, kwani hufunga choo.

Tumbo likivimba, akitapika na hata upepo hautoki, aende hospitali saa hiyohiyo, asinywe dawa yoyote ya choo. Asichelewe kupimwa pia kama anakonda, ana upungufu wa damu, tabia ya choo imebadilika baada ya miaka 40, au wiki mbili za matibabu hazijasaidia. Damu inayorudi hata choo kikiwa laini isiitwe bawasiri kwa kukisia: huku kwetu ziwani apimwe pia kichocho cha tumbo. Na mzee aliyefunga choo siku nyingi akianza kuvuja majimaji, usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Majimaji hayo huenda yanapita pembeni ya kinyesi kilichokwama, na dawa hiyo itazidi kukikwamisha.