Poka bila dau: kwa nini Balatro ilipewa 18, kisha ikashushwa hadi 12

Desemba 2024, mtengenezaji wa gemu ya karata iitwayo Balatro, anayejulikana kwa jina la LocalThunk, alilalamika hadharani. Gemu yake, ambayo humo ndani huwezi kuweka dau hata la senti moja, ilikuwa imepewa alama ya miaka 18 barani Ulaya. Wakati huohuo EA Sports FC 25, gemu ya soka inayouza vifurushi vya wachezaji ambavyo hujui kuna nani ndani mpaka umeshalipa, ilikuwa na alama ya 3. Akatupa kijembe kwamba labda naye aongeze vitu vya kulipia ili ashushiwe umri.

Kazi yangu ni kuwasaidia watengenezaji wa gemu kujaza madodoso ya umri kabla gemu haijaingia sokoni, na kesi hii ndiyo ninayowasimulia wateja wapya. Ukiielewa, umeuelewa mfumo wenyewe.

Alama iliyozua kelele ni ya PEGI, mfumo unaotumika sehemu kubwa ya Ulaya tangu 2003. Una ngazi tano: 3, 7, 12, 16 na 18. Kwanza tuondoe dhana moja niliyoizoea kwa wazazi: namba hiyo haisemi gemu ni rahisi au ngumu. Sataranji inaweza kupata 3 ingawa mtoto wa miaka mitatu atazitafuna kete. Namba inahusu kilichomo tu, yaani kama kuna kitu kisichofaa kuonwa au kusikiwa na mtoto wa umri huo.

Anayeamua hakai chini kuicheza gemu kisha akajiuliza imemwachaje moyoni. Anaanza na maswali ya ndiyo au hapana: vurugu, matusi, vitisho, ngono, dawa za kulevya, ubaguzi, kamari. Kila jibu limefungiwa umri wake, na umri mkubwa kuliko yote ndio unaobandikwa. Hakuna kukokotoa wastani. Gemu inaweza kuwa na saa ishirini za kulima mahindi na kufuga kuku, lakini dakika moja ya mwisho ikiwa na mauaji ya kinyama, ni 18.

Chukua gemu ya bodaboda inayogonga mtu barabarani. Aliyegongwa akiwa kikaragosi anayemetameta kisha akainuka na kuendelea na safari, tuko kwenye 7. Akiwa na umbo la binadamu, lakini anaanguka kimchezomchezo na kutoweka, tumefika 12. Akianguka na kuumia kama ambavyo mtu halisi angeumia, ni 16. Na gemu ikikuruhusu kumwua mpita njia asiyeweza kujitetea bila sababu yoyote, hiyo ni 18. Tukio ni lilelile la pikipiki kugonga mtu, ila jinsi lilivyochorwa ndiyo inayobadilisha namba. Mteja wangu mmoja alishuka kutoka 16 hadi 12 kwa kubadilisha uhuishaji wa namna watu wanavyoanguka, bila kugusa hadithi hata kidogo.

Kwenye vurugu, basi, ngazi zipo na unaweza kupanda au kushuka kidogo kidogo. Kwenye kamari mambo yalikuwa tofauti, na hapo ndipo Balatro ilipokwama.

Mwaka 2020 PEGI ilikaza kigezo chake: gemu mpya inayofundisha au kuhamasisha kamari ipewe 18 moja kwa moja. Zile za zamani zenye mashine za bahati nasibu ndani ziliachwa na alama zao. Kusudio lilikuwa kuzuia gemu zinazoiga kasino, na sioni kosa katika kusudio hilo. Tatizo ni kwamba swali lilikuwa na majibu mawili tu, na jibu la ndiyo halikuwa na mlango mwingine zaidi ya 18.

Sasa iangalie Balatro. Unapewa karata za kawaida, kopa, uru, shupaza na pao, na unapata pointi kwa kupanga mikono ya poka: jozi, karata tano zinazofuatana, tano za aina moja. Ukivuka kiwango cha pointi unapata pesa za ndani ya gemu, na kwa hizo unanunua majokeri yanayopindua kanuni. Kuna jokeri linalozidisha pointi, lingine linaloongeza thamani ya kila kopa. Hushindani na mtu, huweki dau, na pesa zako halisi haziingii popote. Lakini picha zote ni za meza ya poka, na gemu inakuonyesha ni mkono upi unaoushinda upi. Mkaguzi alisoma swali kama lilivyoandikwa. Je, mchezaji anajifunza jambo ambalo angeweza kulitumia kwenye poka ya pesa? Anajifunza. Basi, 18.

Mimi ningemtetea mkaguzi huyo, ingawa namba ilikuwa mbaya. Kanuni ilimpa mlango mmoja, naye akaupita.

Wasambazaji wa gemu wakakata rufaa. Februari 2025 bodi huru ya malalamiko ya PEGI ilikubali kwamba gemu inaeleza mikono ya poka, lakini ikasema mambo yake ya kinjozi yanapunguza uzito huo, ikaishusha hadi 12. Gemu nyingine, Luck Be a Landlord, nayo ilishushwa hadi 12. PEGI ikaahidi kuandaa vigezo vyenye ngazi zaidi kwa upande wa kamari.

Na soka je? Vifurushi vya bahati havikuonekana kama kamari kwa sababu mchezaji haigizi kamari, ananunua bidhaa. Kwenye kasha kulikuwa na onyo la maneno kwamba kuna manunuzi ndani ya gemu, yakiwemo ya vitu vya bahati nasibu, lakini onyo hilo halikugusa umri. Australia ilikata shauri kwa njia nyingine: tangu Septemba 2024, gemu mpya zinazoiga kamari huwekwa ngazi ya 18, na zinazouza masanduku ya bahati kwa pesa haziwezi kuwa chini ya alama ya M, ambayo ni ushauri kwamba hazifai walio chini ya miaka 15. Angalau huko walitambua kuwa ni maswali mawili, wakayajibu yote mawili.

Kwa aliye Dodoma au Mombasa, namba anayoiona kwenye Google Play imepitia mfumo uitwao IARC. Mtengenezaji anajaza dodoso moja, bila malipo, na baada ya dakika chache majibu yaleyale yanatoa alama za nchi mbalimbali: ya Ulaya kwa PEGI, ya Marekani kwa ESRB, ya Ujerumani kwa USK. Nchi zisizo na chombo kinachoshiriki hupewa alama ya jumla, nayo ni 3, 7, 12, 16 au 18. Mwanzoni hakuna anayeifungua gemu kuthibitisha majibu; ukaguzi huja baadaye, kwa sampuli au kwa malalamiko, na alama inaweza kubadilishwa. Tofautisha na filamu nchini Kenya, ambako wakaguzi wa bodi ya filamu huitazama kwanza ndipo waipe GE, PG, 16 au 18.

Kwa hiyo, ukiifungua gemu dukani, soma maneno madogo yaliyo karibu na namba. Humo ndimo utakuta kama kuna manunuzi na kama wachezaji wanaweza kuwasiliana. Hilo la mawasiliano ndilo ninaloulizwa kidogo kuliko yote, ilhali namba ya umri hutokana zaidi na kilichotengenezwa na mwenye gemu. Gemu ya 3 yenye gumzo la wazi inaweza kubaki 3, hata kama mgeni aliye upande wa pili anamwandikia mtoto matusi ya nguoni.