"Husika na kichwa cha habari hapo juu" inavyolificha ombi lako

Wiki iliyopita nilipitia maombi ya kazi ya mtunza stoo wa Kasulu nikiwa kwenye basi, narudi Kigoma mjini. Kwa kila imeili simu hunionyesha vitu vitatu tu: jina la mtumaji, herufi 30 hadi 40 hivi za kichwa, na maneno machache ya mwanzo wa ujumbe. Kwa hayo ndiyo naamua nianze na nani.

Vichwa vilifuatana: "OMBI LA KAZI", "OMBI LA KAZI", "YAH: OMBI LA NAFASI YA KAZI KAMA ILIVYO…". Chini ya karibu kila kimoja: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye…", simu ikakata. Kwenye barua ya karatasi sentensi hiyo haina shida, maana msomaji ameushika ukurasa mzima. Kwenye imeili inamaliza nafasi yote kabla hujasema unaomba nini. Nami siku hiyo nilikuwa pia na nafasi za dereva na mhasibu, maombi yote yakiingia anwani moja.

Niliyemfungua kwanza aliandika kichwa hivi: "Mtunza Stoo Kasulu, KS/07". Ni herufi 25 pamoja na nafasi, hakuna kilichokatwa. Kazi imetangulia, kituo kikafuata, kisha namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye tangazo. Namba hiyo iandikwe vilevile, na mkwaju wake, kwa sababu jioni ofisini huwa naitafuta kwenye kisanduku. Aliyeandika "KS-7" anaweza asitokee kabisa.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Nimetunza stoo ya pembejeo kwa miaka 3, najaza leja na bin kadi kila siku, na naishi Kasulu." Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka 2 na mtu anayejua leja. Alichukua masharti mawili mazito akayajibu palepale, salamu na umri akaviacha vije baadaye. Nilifungua wasifu wake kuhakiki hiyo miaka 3, nikaikuta, na tarehe zake. Isingekuwemo, ningemweka pembeni, hata kama kichwa kilikuwa kizuri.

Jina lako halina haja ya kuwa kwenye kichwa kama akaunti inalionyesha. Lakini wengi huku hutuma kwa akaunti ya shemeji au ya duka la steshenari, na mimi naona jina la mwenye duka. Hapo malizia kichwa kwa jina lako. Na tangazo likikupa maneno ya kichwa, yanakili yalivyo hata yakiwa marefu. Sentensi ya kwanza ndiyo inabaki kuwa yako.

Kabla hujatuma kwangu, jitumie mwenyewe kwanza. Usiifungue. Itazame tu ikiwa kwenye orodha, usome simu imeishia neno gani.